Klipu Fupi Huisha Lini? TikTok, Reels na Shorts Zikipimwa kwa Nusu-Maisha

Muuza vitenge wa Kariakoo ana klipu mbili. Ya kwanza ni ya sekunde 20, inatangaza mzigo ulioshuka leo, na bei ya ofa inaisha Jumamosi. Ya pili ni ya sekunde 40, inaonyesha namna ya kuosha kitenge kipya kisichuje rangi. Kawaida zote mbili hupostiwa TikTok, Reels ya Instagram na Shorts ya YouTube kwa mkupuo mmoja, na mwezi ukiisha mwenyewe anaangalia jumla na kuamua kwamba mtandao fulani unalipa na mwingine haulipi.

Jumla ya mwezi haijibu swali lake. Watu 3,000 wanaoiona ofa Jumatatu, siku mbili baada ya bei kupanda, hawana faida kwake, na pengine watamletea ugomvi dukani. Ile klipu ya kuosha nayo haidaiwi kuonwa leo, maana kitenge kitanunuliwa na kuchuja mwakani vilevile. Anachohitaji kujua ni watazamaji wanafika lini na wanakauka kwa kasi gani. Kipimo cha jambo hilo ni nusu-maisha: muda unaopita tangu klipu ipostiwe hadi ipate nusu ya mitazamo yake yote.

Kipimo hiki kilipata umaarufu mwaka 2011, pale kampuni ya kufupisha viungo ya Bitly ilipopima mibofyo ya viungo vilivyosambazwa mitandaoni. Viungo vya Twitter vilikuwa na nusu-maisha ya wastani ya saa 2.8, vya Facebook saa 3.2, na vilivyotoka YouTube saa 7.4. Bitly walianza kuhesabu pale kiungo kilipofika kileleni, si pale kilipowekwa. Takwimu za aina hii bado zinazunguka kwenye majedwali ya "posti hudumu muda gani", lakini kwa klipu za leo hazifai, kwa sababu mlisho wa leo, yaani mfululizo wa posti anaoletewa mtumiaji, hauendi kwa mpangilio wa saa. Posti ya Twitter ya wakati ule ilikufa kwa kusukumwa chini na posti mpya. Klipu ya leo inakufa pale mfumo unapoacha kuipeleka kwa watu wapya, na hilo linaweza kutokea baada ya saa tatu au baada ya miezi mitatu.

Namna ya kupima klipu yako

Andika jumla ya mitazamo baada ya saa 6, 12, 24 na 48, kisha baada ya siku 7, 14, 28 na 90. Vipimo vya siku ya kwanza viandike kwa mkono kwenye daftari au kwenye jedwali la simu, kwa sababu ukichelewa baadhi ya programu hazikuonyeshi tena saa kwa saa. YouTube Studio inaonyesha saa 48 za mwisho kwa kila saa, kwa hiyo huko una nafasi ya siku mbili kabla hujapoteza kitu.

Hizi ni namba za mfano tu, zimepangwa ili hesabu ionekane vizuri. Chukulia ni klipu ile ya kuosha kitenge, imepostiwa sehemu tatu siku moja na saa moja:

| Muda tangu kupostiwa | TikTok | Reels | Shorts |
|---|---|---|---|
| saa 6 | 1,900 | 500 | 150 |
| saa 12 | 3,100 | 900 | 400 |
| saa 24 | 4,600 | 1,500 | 900 |
| saa 48 | 5,900 | 2,300 | 2,000 |
| siku 7 | 7,000 | 4,000 | 4,100 |
| siku 14 | 7,200 | 4,600 | 5,200 |
| siku 28 | 7,400 | 5,000 | 6,600 |
| siku 90 | 7,600 | 5,150 | 9,800 |

Anza na dirisha la siku 28, yaani chukua mitazamo ya siku 28 za kwanza kama ndiyo yote. TikTok ilipata 7,400, nusu yake ni 3,700. Namba hiyo ilivukwa kati ya saa ya 12 (3,100) na saa ya 24 (4,600). Kutoka 3,100 kwenda 3,700 ni mitazamo 600, na katika saa hizo 12 iliingia mitazamo 1,500. Gawa 600 kwa 1,500, zidisha kwa saa 12, unapata saa 4.8. Ongeza kwenye 12: nusu-maisha ni kama saa 17. Ukipenda kuiweka kwenye jedwali la kompyuta, fomula ni hii, ambapo `J` ni jumla ya dirisha, `t1` na `v1` ni muda na mitazamo kabla ya nusu kuvukwa, `t2` na `v2` ni baada yake:

```
t1 + (t2 - t1) * (J/2 - v1) / (v2 - v1)
```

Kwa njia hiyohiyo, Reels inatoa siku 2.6 na Shorts siku 5.1. Mpaka hapa unaweza kusema Shorts hudumu mara saba ya TikTok na ukafunga daftari. Usifunge bado. Rudia hesabu kwa dirisha la siku 90. TikTok inasogea kidogo sana, kutoka saa 17 hadi kama saa 18. Reels inatoka siku 2.6 hadi 2.8. Shorts inaruka kutoka siku 5.1 hadi siku 12.

Huko kuruka ndiko kunakoeleza zaidi kuliko namba yenyewe. Nusu-maisha ya kweli, kama ile ya madini ya mionzi, haibadiliki kwa kuongeza muda wa kuangalia. Ikibadilika, maana yake klipu bado ina mkia: kuna mitazamo inayoendelea kuingia polepole kutoka chanzo ambacho hakikauki. Kati ya siku ya 28 na ya 90, Shorts katika mfano huu imepata 3,200, yaani kama 52 kwa siku. TikTok imepata 3 kwa siku. Kwa hiyo usiandike kamwe "nusu-maisha ya klipu hii ni siku tano" bila kutaja dirisha. Andika "siku tano ndani ya siku 28". Anayekuuzia namba bila dirisha anakuuzia nusu ya kipimo.

Tofauti hii ilishaonekana zamani. Gabor Szabo na Bernardo Huberman walichapisha mwaka 2010 utafiti uliolinganisha habari za Digg, tovuti ambayo watumiaji walizipigia habari kura, na video za YouTube. Habari za Digg zilikuwa zinakauka haraka kiasi kwamba kuangalia saa mbili za kwanza kulitosha kukadiria hali ya siku ya 30 kwa kosa la kama asilimia 10. Kwa video za YouTube ilibidi kusubiri siku kumi kufikia usahihi huohuo. Klipu za TikTok zinafanana zaidi na Digg, na Shorts yenye mkia inafanana na YouTube ile ya zamani. Kwa mwenye kupanga kazi zake, hii ina maana moja kubwa: klipu ya TikTok unaweza kuihukumu kesho yake, lakini Short ukiihukumu kesho yake utaidhulumu.

Kwa nini zinakauka tofauti

Kwenye TikTok karibu mitazamo yote ya mwanzo hutoka `For You`. Klipu inapelekwa kwa kundi dogo, na wakiitazama mpaka mwisho, wakairudia au wakaituma kwa wenzao, inapelekwa kwa kundi kubwa zaidi. Kundi mojawapo likiipitisha kwa kidole bila kuangalia, upelekaji unapungua. Mchakato huu ni wa kasi, ndiyo maana kwenye grafu mlima wa mitazamo ya TikTok ni mrefu na mwembamba. Inatokea klipu ikaamka tena baada ya wiki kadhaa, hasa sauti yake au mada yake ikipata moto, lakini huwezi kupanga biashara kwa kutegemea kuamka huko.

Reels ina vyanzo viwili vinavyofuatana. Wafuasi wako wanaiona mapema, kisha watu wasiokufuata wanaipata kupitia kichupo cha Reels na kupitia kutumiwa na marafiki kwenye ujumbe. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza mwanzoni mwa 2025 kwamba ishara zinazobeba uzito ni muda wa kutazama, laiki kwa kila aliyefikiwa, na kutumwa kwa kila aliyefikiwa, na kwamba kutumwa kuna uzito zaidi pale klipu inapotafuta watu wasiokufuata. Kutumwa ndiko kunakoirefusha Reels: mtu anaituma kwa dada yake leo, dada anaifungua kesho kutwa.

Shorts huanza taratibu, na mara nyingine inakaa saa nyingi na mitazamo michache kabla mlisho haujaishika. Lakini iko ndani ya mtambo wa kutafutia. Mtu wa Mwanza au wa Mombasa anayeandika "jinsi ya kuosha kitenge kisichuje" kwenye YouTube anaweza kuletewa Short ya miezi sita iliyopita. Mlisho unakauka, utafutaji haukauki, kwa sababu kila siku kuna mtu mpya mwenye tatizo lilelile.

Kwa hiyo jina la mtandao peke yake halikuambii kasi ya kukauka. Chanzo cha mitazamo ndicho kinachoamua. Tangazo la ofa likiwekwa Shorts halipati mkia, kwa kuwa hakuna anayetafuta ofa yako ya wiki iliyopita. Na TikTok yenye maelezo mazuri ya kuosha kitenge inaweza kupata mkia wake kupitia `Search`. Fungua takwimu za klipu katika TikTok Studio uone vyanzo: `For You`, `Following`, `Personal profile`, `Sound`, `Search`. Kwenye YouTube Studio tazama kati ya `Shorts feed` na `YouTube search`. Kama baada ya wiki mbili sehemu ya utafutaji inapanda kwa asilimia huku jumla ya siku ikiwa imetulia, mkia umeshaanza. Kama kila chanzo kinashuka kwa pamoja, klipu imeisha.

Kuna kipimo kingine cha haraka, kilichotokana na utafiti wa Riley Crane na Didier Sornette wa mwaka 2008 juu ya video za YouTube. Wao waliangalia siku ya kilele imebeba sehemu gani ya mitazamo yote. Video iliyosukumwa kwa nguvu ya nje bila watu kuisambaza ilikuwa na zaidi ya asilimia 80 katika siku hiyo moja, na ikaanguka kwa kasi. Video iliyopanda kwa watu kuambizana ilikuwa chini ya asilimia 20, na ikashuka polepole. Katika mfano wetu, kwa dirisha la siku 90, kilele cha TikTok kimebeba kama asilimia 61, Reels asilimia 29, na Shorts, ambayo kilele chake ni siku ya pili, asilimia 11. Mipaka ile ilitoka kwenye video za zamani zisizo klipu fupi, kwa hiyo itumie kupanga klipu zako makundi, usiitumie kama sheria.

Mahali ulinganisho unapoharibika

Kosa la kwanza ni siku. Siku ya takwimu za YouTube huanza usiku wa manane wa saa za Pasifiki huko Marekani, ambao kwa Afrika Mashariki ni saa nne asubuhi wakati wao wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa tano asubuhi wakati wa baridi yao. Ukiposti Short saa kumi na mbili jioni Dar es Salaam, "siku ya kwanza" kwenye grafu ina saa 16 au 17 tu. Ukiilinganisha na saa 24 kamili ulizoandika kwa mkono kutoka TikTok, Shorts itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Tumia grafu ya saa kwa saa kwa siku mbili za mwanzo, ndipo uhamie kwenye grafu ya siku.

Kosa la pili ni maana ya mtazamo. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu mtazamo wa Short mara tu inapoanza kucheza, na inapojirudia huhesabu tena, bila kudai sekunde zozote. Hesabu ya zamani iliyodai mtu akae kidogo imebaki kwa jina la `Engaged views`, na hiyo ndiyo inayotumika kwenye malipo na kwenye masharti ya kuingia mpango wa washirika. Kama una Shorts za kabla ya tarehe hiyo na za baada, usizilinganishe kwa namba ya juu. Fungua `Advanced mode` utumie `Engaged views` kwa zote. Kwa upande mwingine badiliko hili lilirahisisha jambo, kwa sababu TikTok na Reels nazo huhesabu klipu inapoanza kucheza.

Kujirudia nako kunadanganya. Klipu ya sekunde 6 inayozunguka yenyewe inaweza kuandikisha mitazamo minne kwa mtu mmoja aliyeweka simu mezani. Mlima wa mwanzo unavimba, na nusu-maisha inaonekana fupi kuliko muda ambao watu wapya walikuwa wanaingia. Kwa klipu fupi sana, pima idadi ya watu waliofikiwa badala ya mitazamo.

Kisha kuna alama ya TikTok. Klipu iliyopakuliwa TikTok na kuwekwa Reels ikiwa na nembo ile inayorukaruka pembeni haiko kwenye mashindano ya haki. Instagram ilitangaza Februari 2021 kwamba inapunguza usambazaji wa klipu zenye alama za programu nyingine. Ukipima namna hiyo, unapima adhabu, hupimi Reels. Hifadhi faili asili kutoka programu ya kuhariri, na hilo ndilo la kuposti kote.

Sauti nayo inaweza kuukata mkia kwa siku moja. Leseni kati ya TikTok na Universal Music Group iliisha mwishoni mwa Januari 2024, na klipu nyingi zilizobeba nyimbo za kampuni hiyo zikazimwa sauti mpaka walipoelewana mwezi Mei. Ukiona klipu iliyokuwa na mitazamo 40 kwa siku imeanguka ghafla, icheze mwenyewe usikilize kabla ya kulaumu mfumo. Kwa klipu ya maelezo inayotegemea mkia, sauti yako mwenyewe bila muziki wa mtu ndiyo salama.

La mwisho: klipu moja haitoshi kutoa hukumu. Pima angalau kumi za aina moja kwenye kila mtandao, halafu chukua namba ya katikati baada ya kuzipanga kwa ukubwa. Wastani wa kawaida utaharibiwa na klipu moja iliyolipuka, maana moja yenye mitazamo 200,000 inafunika tisa zenye 3,000.

Klipu ipi iende wapi

Tangazo lenye tarehe ya mwisho liende kule ambako sehemu kubwa ya mitazamo hufika kabla ya tarehe hiyo. Kwenye jedwali letu, ndani ya saa 48 TikTok ilikuwa imeshapata asilimia 80 ya mitazamo yake ya siku 28, Reels asilimia 46 na Shorts asilimia 30. Kama ofa inaisha Jumamosi jioni, iposti TikTok kati ya Jumatano na Alhamisi. Ukiposti mapema mno, watakaoiona siku ya mwisho watakuwa wachache, na ukiposti Ijumaa usiku, mlima unakukuta umeshapandisha bei. Taja tarehe ya mwisho ndani ya picha yenyewe, si kwenye maelezo ya chini tu, kwa sababu wachache watakaoipata wiki ijayo wanahitaji kujua imepita.

Ongeza WhatsApp Status. Hapa hakuna mkia hata kidogo, saa 24 zikifika inaondoka. Lakini wanaoiona ni watu waliohifadhi namba yako, wengi wao wateja walioshanunua, na unaona majina yao mmoja mmoja. Kwa tangazo la siku moja, watu 120 wa Status wanaweza kuuza kuliko 4,000 wa `For You` ambao nusu yao wako mikoa ambayo hutumi mzigo. Kwa kuwa inafutika, iweke mara mbili: siku ya kutangaza na asubuhi ya siku ya mwisho.

Klipu ya kuosha kitenge iende Shorts kwanza, na kazi kubwa iwe kwenye kichwa. "Usifanye kosa hili!" haitafutwi na mtu yeyote. "Jinsi ya kuosha kitenge kipya kisichuje rangi" inatafutwa. Andika maneno ambayo mteja hukuuliza dukani, na uyataje kwa mdomo katika sekunde za mwanzo. Usiweke bei, usiseme "wiki hii", usiweke salamu za Idi au Krismasi, kwa sababu kila kitu chenye tarehe kitamfukuza mtazamaji wa mwezi wa sita. Kisha iposti TikTok pia ukiwa na maelezo yaleyale, na uitazame `Search` baada ya wiki mbili.

Reels ipewe klipu ambayo mtu atataka kumtumia mwenzake: mshono wa kitenge kwa sare za harusi, rangi mbili za kuchagua, jibu la swali ambalo marafiki hubishania. Hapo pima namba ya kutumwa kuliko laiki. Kutumwa kukishuka wakati mitazamo bado inapanda, kukauka kunafuata.

Na klipu ikishakauka, usiifute ili kuiposti upya. Kwenye Shorts unafuta pia nafasi yake kwenye utafutaji pamoja na maoni ambayo watu waliyakuta yakiwa na msaada. Tengeneza mpya yenye mwanzo tofauti, iache ya zamani ilipo, na linganisha vipimo vya saa 48 vya zote mbili. Kama sekunde tatu za mwanzo ndizo zilizokuwa na tatizo, mpya itakuwa na mlima mkubwa zaidi. Kama zote mbili zina umbo lilelile, tatizo liko kwenye mada, na kubadilisha mwanzo mara ya tatu hakutasaidia.